Naiti ya Jumapili na asubuhi ya Jumatatu: kuona zamu zinavyogongana kwenye skrinshoti ya rosta na kumwandikia mwenzako

*Swali: Mkuu habari. Rosta mpya ya wiki mbili imetumwa kwenye grupu kwa skrinshoti, nimekutumia. Mimi ni mstari wa pili. M ni 07:00 hadi 15:00, E 15:00 hadi 23:00, N 23:00 hadi 07:00, O ni ofu. Nahisi Jumatano ya 17 na Alhamisi ya 18 zinagongana ila sina uhakika, maana kila siku nina herufi moja tu. Na nikitaka kubadilishana na mwenzangu nimwandikieje asione namsumbua?*

Salama kabisa. Nimeifungua picha nikaikuza, na nikwambie tu moja kwa moja, hiyo ya 17 na 18 ni ya kuchosha ila sio yenyewe. Yenyewe iko tarehe 14 kuamkia 15, na sikushangai hukuiona, maana rosta yenu imepangwa kwa namna ambayo jicho haliwezi kuiona kirahisi.

Angalia ilivyokaa. Wiki ya kwanza, tarehe 8 hadi 14, iko juu, na wiki ya pili, 15 hadi 21, iko chini yake kama jedwali jingine. Kwa hiyo Jumapili ya 14 iko mwisho kabisa kulia juu, na Jumatatu ya 15 iko mwanzo kabisa kushoto chini. Siku mbili zinazofuatana kwenye maisha, kwenye picha ziko pembe mbili tofauti, na mtu anasoma wiki ya juu anamaliza, anapumua, anaanza ya chini kama vile ni habari nyingine. Mimi nimepanga rosta miaka mingi na nakwambia kama kuna kosa litampita mpangaji basi ni hapo kwenye kiungo cha wiki, kwa sababu na yeye anapanga wiki moja anafunga, kesho yake anapanga nyingine.

Halafu kuna hili la herufi moja kwa siku. Umesema kila siku una herufi moja kwa hiyo hakuna kugongana, na hapo ndo wengi wanapoteleza. Kiboksi kwenye rosta hakikwambii unafanya kazi siku gani, kinakwambia zamu INAANZA siku gani. M na E zinaanza na kuisha siku ile ile kwa hiyo hazina shida, lakini N imeandikwa kwenye kiboksi cha Jumapili wakati katika masaa yake nane, ni lisaa limoja tu liko Jumapili, masaa saba yaliyobaki yako Jumatatu. Yaani hiyo N ni zamu ya Jumatatu iliyovaa nguo ya Jumapili.

Sasa njia ya kuishika ni kuacha kusoma herufi. Chukua karatasi au sehemu ya kuandikia kwenye simu, mstari wako uutoe kwenye picha uuandike wote chini kwa chini, wiki mbili bila kuweka mpaka katikati, na kila zamu uiandikie inaanza tarehe ngapi saa ngapi na inaisha tarehe ngapi saa ngapi. Ofu nayo andika. Kipande chako kinachotuhusu kinatoka hivi:

```
13  Jumamosi   O
14  Jumapili   N   14/23:00 - 15/07:00
15  Jumatatu   M   15/07:00 - 15/15:00
16  Jumanne    M   16/07:00 - 16/15:00
17  Jumatano   E   17/15:00 - 17/23:00
18  Alhamisi   M   18/07:00 - 18/15:00
```

Ukishaandika hivyo huhitaji akili nyingi, unachukua muda wa kuisha wa mstari wa juu na muda wa kuanza wa mstari wa chini, unatoa. Kati ya 14 na 15 jibu ni sifuri. Unatoka saa moja asubuhi na unaingia saa moja asubuhi ile ile, masaa kumi na sita mfululizo, na kama kuna makabidhiano basi ungejikabidhi mwenyewe. Kati ya 17 na 18 jibu ni masaa 8, na ndani ya hayo 8 kuna kwenda nyumbani, kuoga, kula, na kurudi, kwa hiyo usingizi unabaki labda masaa matano. Ndo maana ilikuuma ukaiona mapema.

Tofauti ya hizo mbili ni muhimu kwa sababu zinashughulikiwa tofauti. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa pendekezo kuhusu kazi za usiku mwaka 1990, na humo linasema pale zamu zinapohusisha usiku mtu asifanye zamu mbili kamili mfululizo, labda iwe dharura kubwa au ajali, na kati ya zamu na zamu kuwe na mapumziko ya masaa 11 kadiri inavyowezekana. Lile ni pendekezo tu, sio sheria ya kumbana mwajiri, sheria yenyewe ni ya nchi unayofanyia kazi na mkataba wako. Ila kama kipimo linafaa sana. Sifuri ni kugongana, hiyo haijadiliki, lazima itoke. Nane ni mapumziko mafupi, sehemu nyingi utaambiwa vumilia, na wewe unaweza kuiongelea kwa wakati wake. Usichanganye hizo mbili kwenye ombi moja, ukianza kulalamikia zote utaonekana unakataa rosta nzima na ile ya sifuri itapotea katikati ya maneno.

Kabla hujamwandikia mtu, hakikisha kwanza picha haikudanganyi. Skrinshoti ya rosta ina tabia mbaya mbili. Ya kwanza ni kuteleza mstari, majina yako kushoto kabisa na herufi zako ziko mbali kulia, simu ni ndogo, ukisogeza kidogo unajikuta unasoma zamu za mtu wa mstari wa tatu. Weka ukingo wa karatasi kwenye skrini chini ya mstari wako na usiutoe hadi umalize, au ikate picha libaki jina lako na tarehe za juu tu. Kisha jihakikishie kwa siku moja unayoijua tayari, kwa mfano kama uliomba ofu Jumamosi ya 13 na kweli unaiona O hapo, basi uko kwenye mstari sahihi. Ya pili ni kwamba maelezo ya herufi huwa chini kabisa ya rosta na aliyepiga skrinshoti kayakata. Kwenye picha yako hayapo, masaa nimeyachukua kwako, sasa muulize mtu kama N bado ni 23:00, maana kuna sehemu N ni 19:00 hadi 07:00 na hesabu yote inabadilika. Na hakikisha hiyo picha ndo toleo la mwisho, picha ikishafowadiwa mara tatu inaishi milele hata kama rosta ilibadilishwa jana.

Haya, tuje kwa mtu wa kubadilishana naye. Hapa watu wengi wanamwangalia mwenye ofu. Kwenye picha yako mstari wa tano ana E tarehe 14 na O tarehe 15, na najua jicho lako litaenda kwake, utasema huyu akinichukulia N yangu Jumatatu analala. Lakini piga hesabu. Wewe utachukua E yake ya Jumapili, utatoka saa tano usiku, utaingia M ya Jumatatu saa moja asubuhi, masaa 8 tena, umetoka kwenye tatizo umeingia kwenye mdogo wake. Na yeye atatoka naiti Jumatatu saa moja asubuhi, ofu yake yote ataimalizia usingizini. Utakuwa umemwomba ofu yake bila kutaja neno ofu, na watu wanaliona hilo hata kama hawasemi.

Kuiachia M ya Jumatatu na kuchukua E ya siku hiyo hiyo ya mtu pia hapana. Utatoka naiti saa moja asubuhi, utarudi saa tisa alasiri, masaa 8, utatoka saa tano usiku na Jumanne una M saa moja asubuhi, masaa 8 mengine. Umebadilisha tatizo moja kwa mawili.

Mtu wako ni yule wa mstari wa tatu. Ana M tarehe 13, M tarehe 14, halafu N 15 na N 16. Jaribu kubadilisha Jumapili tu. Wewe ukichukua M yake ya 14, Jumamosi ulikuwa ofu kwa hiyo unaingia umelala, unatoka saa tisa alasiri, na hadi M yako ya Jumatatu kuna masaa 16. Safi. Yeye akichukua N yako ya 14, Jumamosi alitoka saa tisa alasiri, anaingia Jumapili saa tano usiku, hapo ana masaa 32. Anatoka Jumatatu saa moja asubuhi na N yake nyingine inaanza Jumatatu saa tano usiku, masaa 16. Safi pia. Unaona nimeangalia sehemu nne, kabla na baada kwako, kabla na baada kwake. Ukiangalia za kwako mbili tu utampelekea mwenzako mgongano wako akae nao yeye, na atakuja kuugundua Jumapili usiku.

Ila usijidanganye kwamba yeye hapotezi kitu. Naiti mbili zinakuwa tatu mfululizo, na naiti ya tatu huwa ina uzito wake. Anachopata ni Jumapili mchana bure, na kama kwenu kuna posho ya usiku ile ya tarehe 14 itaenda kwake, sio kwako. Masaa yanabaki sawa, nane kwa nane. Hayo yote uyajue kabla, kwa sababu ombi zuri ni lile linalotaja lenyewe kile litakachomgharimu mtu, halimwachii akigundue.

Sasa kuandika. Mwandikie yeye peke yake, sio kwenye grupu. Ukiuliza kwenye grupu nani anaweza kunichukulia, kila mtu anamsubiri mwenzie, na yule uliyemlenga anajua watu wanamwangalia, akikataa anaonekana mbaya. Salamu weka, bila salamu utaonekana unatoa amri, lakini salamu na ombi viende kwenye meseji moja. Kuna watu wanaandika "habari dada" wananyamaza, wakijibiwa wanaandika "nina ombi" wananyamaza tena. Mwenzako hapo keshaanza kuhesabu hela alizonazo maana anajua unakuja kukopa.

Na kitu kinachotuharibia sana sisi tunaoandika Kiswahili ni saa na usiku. Ukiandika "saa 7" mmoja ataelewa 07:00 ya kwenye rosta, mwingine ataelewa saa saba, yaani 13:00. Na "usiku wa Jumatatu" ni mbaya zaidi, maana kuna watu, na wako sahihi kabisa kwa walivyolelewa, kwao siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumatatu ni ule unaoanza Jumapili jioni. Mimi yalinikuta. Zamani kabla sijaanza kupanga rosta nilibadilishana na kaka mmoja kwa mdomo, nikamwambia nishikie usiku wa Jumatatu, akasema poa hamna shida. Jumapili usiku alikuwa kasimama pale kajiandaa anashangaa mbona wamezidi, na Jumatatu usiku hakuna aliyekuja, maana mimi nilikuwa nimelala najua kaingia. Nilipigiwa simu saa sita na nusu. Tangu hapo naandika tarehe, herufi ya kwenye rosta, masaa kama yalivyo kwenye rosta, na nikitaja usiku nasema wa kuamkia siku gani.

Meseji yenyewe ningeiandika hivi, wewe irekebishe iendane na mlivyozoeana, kama ni mkubwa kwako anza na shikamoo:

"Habari za jioni dada, pole na kazi. Samahani kwa usumbufu. Kwenye rosta mpya nimepangwa N Jumapili tarehe 14 (23:00 hadi 07:00) halafu M Jumatatu tarehe 15 inayoanza hiyo hiyo 07:00, yaani natoka naiti naunganisha na asubuhi. Nimeona wewe tarehe 14 una M. Naomba kama itawezekana tubadilishane ya Jumapili tu, mimi niingie M yako ya 14 saa moja asubuhi, wewe uingie N yangu ya 14 saa tano usiku, ule wa kuamkia Jumatatu. Zamu zako nyingine zinabaki zilivyo. Najua itakufanya uwe na naiti tatu mfululizo, 14, 15 na 16, kwa hiyo ukiona ni nzito au una ratiba nyingine niambie tu bila wasiwasi, nitatafuta njia nyingine. Ukikubali nitamwandikia supavaiza mimi mwenyewe, na mpaka athibitishe kila mtu anabaki na zamu yake. Naomba unijulishe kufikia Jumatano jioni. Asante dada."

Ndefu kidogo ndiyo, lakini anaweza kujibu kwa neno moja, na hilo ndo lengo. Hakuna swali litakalobaki la kuuliza "ya lini hiyo" au "kwa hiyo Jumatatu mimi naingia lini". Ile sababu iko kwa sentensi moja na ni ya kwenye rosta, sio hadithi ya mgonjwa nyumbani, sababu ya kweli haihitaji kupambwa. Ambatanisha na picha, ila sio skrinshoti nzima, ikate ibaki tarehe za juu, mstari wako na wake, uzungushie viboksi vya 14. Akiona kwa macho yake anaelewa kabla hajamaliza kusoma.

Neno la kuepuka hapo ni "lazima" na ndugu zake, "naomba unisaidie maana sina jinsi", "wewe ndo tegemeo langu". Unaona ni upole, mwenzako anaona kafungiwa mlango. Pia usimwahidi "nitakulipa siku yoyote utakayotaka", maana siku hiyo itakuja. Akisema sawa ila na wewe utanishikia siku fulani, iandike hapo hapo tarehe na herufi, mpate wote wawili kumbukumbu moja.

Lakini kuna kitu ningefanya hata kabla ya hiyo meseji. Kugongana kwa sifuri ni kosa la mpangaji, sio shida yako binafsi. Ukienda kwa mwenzako kwanza unaanza kudaiwa fadhila kwa kosa ambalo sio lako. Mwandikie supavaiza sentensi mbili: "Habari mkuu, kwenye rosta mpya nina N tarehe 14 inayoisha 15 saa 07:00 na M tarehe 15 inayoanza 07:00. Naomba utuangalizie, na kama itasaidia naweza kumuuliza mwenzangu mwenye M tarehe 14 kama atakubali kubadilishana." Ukiandika hivyo humlaumu mtu, unampa kosa na dawa yake pamoja. Mara nyingi atarekebisha mwenyewe kwa dakika mbili, mara nyingi pia atakujibu haya muulize, na hapo meseji yako kwa dada inakuwa na baraka tayari.

Akikubali, usipumzike bado. Makubaliano yenu wawili kwenye simu hayana maana kama rosta bado inasema N ni yako, kwa sababu asipotokea, anayeitwa ni wewe. Subiri hadi supavaiza aseme ndiyo kwa maandishi au rosta mpya itoke, kisha ifungue uangalie viboksi vyote viwili, chako kimekuwa M na chake kimekuwa N. Nimeshaona kimebadilishwa kimoja tu, Jumapili asubuhi wakaingia wawili na usiku hakuna mtu.

Asipojibu hadi Jumatano, mkumbushe mara moja tu, "dada habari, nilikuwa naulizia lile la tarehe 14, ukiona haiwezekani ni sawa kabisa". Akikaa kimya tena hilo ndo jibu lake, rudi kwa supavaiza, usimpigie simu.

Hiyo ya 17 na 18 iache hadi hii ya 14 iishe. Na kwenye picha yako nimeona kitu kingine, unamaliza rosta na N tarehe 20 na N tarehe 21, halafu picha imeisha. Ile ya 21 itakutoa Jumatatu ya 22 saa moja asubuhi. Rosta inayofuata ikitumwa, anza na kiboksi cha kwanza cha mstari wako, na kama kina M mwandikie supavaiza siku hiyo hiyo.